Geji ya kupita na geji ya kukwama: kupata vipimo vyake kwa tundu la milimita 50

Karakana yetu ya Kizota, Dodoma, ilipata oda ya habu 120 za mikokoteni ya ng'ombe, za kwenda kwa wakulima wa Kongwa na Chemba. Habu ni ya chuma cha kusubu. Inazungukia moja kwa moja juu ya ekseli, haina beringi, ina grisi tu. Mchoro unasema tundu liwe 50 H10. Kupima matundu 120 moja moja kwa maikromita ya ndani ni kazi ya siku nzima, na macho yakichoka unaanza kusoma unachotaka kukiona. Kwa hiyo tunatengeneza geji ya plagi yenye vichwa viwili: kimoja lazima kiingie, kingine lazima kikatae kuingia. Mafundi wengi huviita go na nogo. Mimi nitasema kichwa cha kupita na kichwa cha kukwama.

Swali ambalo vijana huniuliza ni hili: kama tundu linaruhusiwa kuwa kati ya 50.000 na 50.100, si nikereze tu kichwa kimoja 50.000 na kingine 50.100, kazi iishe? Hapana, kwa sababu mbili. Hakuna anayeweza kusaga chuma kikawa 50.000 kamili, na hata angeweza, habu ya kumi ingeshaanza kukila. Makosa ya geji hayaepukiki. Unachoweza kuamua ni yaangukie upande gani.

Anza na tundu lenyewe

Herufi H inamaanisha kwamba kikomo cha chini cha tundu ni kipimo chenyewe, 50.000. Namba 10 ni daraja la ulegevu, na kwa vipenyo vya zaidi ya 30 hadi 50 jedwali la ISO linatoa maikroni 100, yaani 0.100. Tundu dogo kabisa ni 50.000 na kubwa kabisa ni 50.100. Tofauti hiyo ya 0.100 ndiyo tolaransi ya kazi, na hesabu yote inayofuata inatoka humo.

Ekseli yetu ni d9, yaani kati ya 49.858 na 49.920. Tundu dogo kabisa likikutana na ekseli nene kabisa, nafasi ya grisi inabaki 0.080. Tundu kubwa likikutana na ekseli nyembamba, nafasi inafika 0.242. Ziweke kichwani namba hizo, kwa sababu zinaonyesha ni kosa lipi linaumiza. Tundu likizidi kuwa dogo grisi inakosa nafasi na gurudumu linakaza. Likizidi kuwa kubwa gurudumu linayumba, na mkokoteni uliobeba magunia ya mahindi hadi soko la Kibaigwa hauhitaji msaada wa kuyumba.

Kichwa kipi kinalinda nini

Kichwa cha kupita kinalinda kikomo cha chini. Kikiingia, tundu si dogo mno. Kichwa cha kukwama kinalinda kikomo cha juu. Kikikataa kuingia, tundu si kubwa mno. Wanafunzi huligeuza jambo hili kwa sababu wanatoka kwenye geji za shafti, yaani za ekseli, ambako mambo ni kinyume: huko kichwa cha kupita kinakaa kwenye kipimo kikubwa. Kwa tundu, kichwa cha kupita ndicho chembamba.

Ruhusa ya mtengeneza geji

Kanuni ya karakana, ambayo pia ndiyo inayofundishwa vyuoni, ni kumpa mtengeneza geji asilimia 10 ya tolaransi ya kazi. Kwetu ni 0.010. Maana yake, anayesaga kichwa cha geji ana maikroni 10 za kuchezea.

Maikroni hizo zinawekwa wapi? Zote zinaingia ndani ya tolaransi ya kazi. Kwa kichwa cha kupita, kikomo ni 50.000, basi ruhusa inapanda kwenda juu. Kwa kichwa cha kukwama, kikomo ni 50.100, basi ruhusa inashuka kwenda chini. Ukiziweka nje, kwa mfano kichwa cha kupita kikawa 49.992, kitaingia kwenye tundu la 49.995 na utampelekea mteja habu mbovu huku geji ikikuambia ni nzima. Ukiziweka ndani, ubaya pekee ni kwamba mara mojamoja geji itakataa habu ambayo kwa mchoro ni nzima. Habu hiyo unairudisha kwenye mashine, unaipitisha kisu kidogo. Mbovu iliyofika shambani hairudi kwa urahisi hivyo.

Upo mpangilio mwingine, wa ISO, unaoweka ruhusa ya kichwa cha kukwama nusu ndani na nusu nje ya kikomo. Mchoro wa mteja ukitaja kiwango hicho, fuata jedwali lake, usichanganye mifumo miwili kwenye geji moja. Usipotaja, mimi hutumia huu wa kuweka vyote ndani.

Akiba ya kulika

Kichwa cha kupita kinaingia kwenye kila tundu zuri na kutoka. Kinasuguliwa mara mbili kwa kila habu. Kikilika kinakuwa chembamba, na kikiwa chembamba kuliko 50.000 kinaanza kupitisha matundu madogo. Hatari iko hapo, kwa sababu haipigi kelele: geji inazidi kuwa rahisi kutumia, kila habu inapita vizuri, na kila mtu anafurahi.

Ndiyo maana kichwa hiki kinasogezwa juu zaidi tangu kikiwa kipya, kipate kitu cha kuliwa kabla ya kufika 50.000. Huo msogeo ndio akiba ya kulika. Mazoea ni kuiweka pale tolaransi ya kazi inapozidi kama 0.09. Chini ya hapo tolaransi ni finyu mno na akiba ingemnyima fundi nafasi ya kufanyia kazi. Yetu ni 0.100, kwa hiyo inastahili.

Ni kiasi gani? Mafundisho mengine husema asilimia 10 ya ruhusa ya geji, ambayo kwetu ingekuwa maikroni 1. Mengine husema asilimia 5 ya tolaransi ya kazi, ambayo ni maikroni 5. Kwa habu za kusubu nachagua 5 bila kusita. Chuma cha kusubu hubaki na chembe za mchanga wa kalibu, na vumbi la Dodoma mnalijua. Maikroni 1 ingekwisha kabla oda haijafika nusu.

Kichwa cha kukwama hakipewi akiba. Kwanza hakiingii mara nyingi, kwa hiyo kinalika polepole. Pili, na hili ndilo muhimu, kikilika kinakuwa chembamba, kisha kinaanza kuingia kwenye matundu mazuri na kuyakataa. Kosa lake linakugharimu wewe, wala halimfikii mteja. Geji ya aina hiyo utaigundua mwenyewe, kwa sababu rundo la zilizokataliwa litaongezeka bila mashine kubadilika.

Hesabu yenyewe

```
T = 50.100 - 50.000 = 0.100
G = 0.10 x T = 0.010
W = 0.05 x T = 0.005

Kupita, chini  = 50.000 + W     = 50.005
Kupita, juu    = 50.000 + W + G = 50.015
Kukwama, juu   = 50.100         = 50.100
Kukwama, chini = 50.100 - G     = 50.090
Kutupa kichwa cha kupita kikifika 50.000
```

T ni tolaransi ya kazi, G ni ruhusa ya mtengeneza geji, W ni akiba ya kulika. Angalia kwamba akiba inaongezwa kwanza, kisha ruhusa inajengwa juu yake. Anayesahau mpangilio huo huandika 50.000 hadi 50.010, na geji iliyosagwa 50.001 inakuwa halali kwenye karatasi lakini imebakiza maikroni moja ya maisha.

Sasa tazama gharama. Kichwa cha kupita kikiwa kinene kabisa, 50.015, na cha kukwama kikiwa chembamba kabisa, 50.090, fundi anayetoboa anabaki na 0.075 kati ya 0.100 aliyopewa na mchoro. Robo imeliwa na geji. Kwa hiyo anapolenga asilenge 50.050 kwa mazoea. Katikati ya nafasi salama ni 50.0525, basi alenge 50.05 na kidogo.

Linganisha na tundu hilohilo likiwa H7. Tolaransi ni 0.025, ruhusa ya geji ni 0.0025, akiba hakuna. Kichwa cha kupita ni 50.000 hadi 50.0025 na cha kukwama ni 50.0225 hadi 50.025. Kwenye karatasi hesabu ni rahisi kuliko ya kwanza. Kwenye mashine, kusaga kitu ndani ya maikroni mbili na nusu si kazi ya karakana yenye grainda ya kawaida, na geji ya H7 ni afadhali kuinunua.

Kuitengeneza na kuipima

Kata vichwa viwili kwa chuma cha vifaa kinachokubali kugumishwa, vikereze ukiacha kama 0.3 ya kusaga, kisha vigumishe hadi ugumu wa karibu Rokweli C 60 na uvipashe tena moto mdogo ili visipasuke. Visage hadi vibaki na maikroni chache, halafu umalizie kwa unga wa kulapia. Kichwa cha kupita kiwe kirefu, ikiwezekana sawa na urefu wa tundu. Cha kukwama kiwe kifupi, nacho kipakwe mstari mwekundu kwenye shingo. Sababu ya urefu nitaieleza baada ya muda mfupi.

Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Maikromita inayosoma 0.01 haiwezi kukuambia kama geji yenye ruhusa ya 0.010 ni nzima, kwa sababu mstari wake mmoja ndio ruhusa yote. Unahitaji kitu kinachosoma 0.001. Mimi sitegemei maikromita kabisa kwa kazi hii. Napanga vipande vya slipu geji vya 50.000, naviweka chini ya saa ya kupimia ya 0.001 iliyofungwa kwenye stendi imara, naweka sindano sifuri, kisha naondoa vipande na kuviringisha kichwa cha geji mahali pale pale. Sindano ikifika juu kabisa na kusoma 12, kichwa ni 50.012. Hapo makosa ya uzi wa maikromita hayamo, unasoma tofauti tu. Slipu geji zenyewe zinahitaji kuhakikiwa, na TBS wana maabara ya vipimo kwa ajili hiyo.

Pima sehemu tatu, mdomoni, katikati na nyuma, kila sehemu pande mbili zinazokatana. Kichwa chetu kilitoka 50.013 mdomoni na katikati, 50.012 nyuma. Kinafaa. Namba hizo ziandike kwenye daftari pamoja na tarehe, utazihitaji.

Joto

Vipimo vyote vya mchoro vinahesabiwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Karakana ya Kizota saa nane mchana mwezi wa Oktoba haijawahi kuziona nyuzi 20. Lakini usihangaike sana: chuma cha geji na chuma cha kusubu vinatanuka karibu sawa, na vikiwa na joto moja makosa yanafutana. Tatizo ni vikiwa na joto tofauti.

Habu inapotoka kwenye mashine ikiwa na nyuzi 45 na geji ina nyuzi 27, tofauti ni 18. Chuma kinatanuka kama maikroni 11 kwa kila mita kwa kila nyuzi, kwa hiyo kwenye milimita 50 tundu linaonekana kubwa kwa karibu 0.010. Kichwa cha kupita kitaingia kwa raha, habu itapoa, na tundu litasinyaa chini ya kipimo ulichokikubali. Habu ingekuwa ya shaba nyeusi, ambayo hutanuka karibu maikroni 18, kosa lingefika 0.016. Dawa ni kuweka habu na geji juu ya bamba moja la chuma kivulini hadi vilingane, kisha upime. Na usiishike geji kwenye kichwa. Shika mpini.

Kuitumia, na inavyodanganya

Futa tundu, futa geji, paka mafuta mepesi kidogo. Ondoa vishina vya makali mdomoni mwa tundu kwa kisu cha kuchamfa, maana kishina kimoja kinaweza kuzuia kichwa cha kupita kwenye tundu lisilo na kosa. Simamisha habu, weka kichwa cha kupita mdomoni, na kiachie kiende kwa uzito wake. Kikihitaji kusukumwa, tayari ni jibu. Atakayekigonga kwa nyundo ya mbao anapima nguvu za mkono wake.

Zamani, kabla sijawa na heshima kwa geji ndefu, nilitoboa habu nyembamba nikiwa nimezibana sana kwenye chaki ya taya tatu. Maikromita ya ndani ilisoma 50.03 kila upande nilioigeuza. Nikaziona zimenyooka. Kichwa cha kupita kikakwama. Nikaamini geji ina kosa, nikaipima upya mara mbili, haina kosa. Mzee aliyekuwa akinifundisha akacheka: "Kijana, tundu lako lina pembe tatu, na maikromita yako ina ncha mbili." Taya zilikuwa zimeikamua habu, nikatoboa duara, na nilipoifungua ikarudi na kuwa na migongo mitatu. Umbo hilo lina kipenyo karibu kilekile popote unapolipima kwa ncha mbili, lakini duara kamili haliingii.

Ndiyo sababu ya kichwa kirefu na cha mviringo kamili. Mwingereza William Taylor aliiweka kanuni hiyo mwaka 1905: upande wa kupita uangalie umbo lote kwa pamoja, na upande wa kukwama uangalie kipimo kimoja kimoja. Kichwa kifupi cha kupita kingeingia kwenye tundu lililopinda, lakini ekseli ndefu isingeingia. Kwa kukwama ni kinyume. Tundu la yai lenye 50.120 upande mmoja na 50.070 upande mwingine litakikataa kichwa cha mviringo, kwa sababu upande mwembamba unakizuia, na utaamini ni zima. Kwa hiyo ukishuku uyai, tumia kipande chembamba chenye ncha mbili za duara chenye upana wa kipimo cha kukwama, ukizungushe. Au pima kwa maikromita ya ndani, ambayo safari hii ndiyo inayofaa.

Kichwa cha kukwama kikiingia milimita mbili au tatu kisha kikasimama, usiseme "karibu". Mdomo umepanuka, mara nyingi kwa sababu fimbo ya kutobolea ni ndefu na inapepesuka inapoanza kuingia. Kwa mchoro, habu hiyo imekataliwa. Fupisha fimbo, au punguza kina cha kisu kwenye mpito wa mwisho.

Geji mbili, ugomvi mmoja

Ukiwa na geji mbili za kazi moja, moja kwa mtoboaji na nyingine kwa mkaguzi wa mwisho, usizigawe ovyo. Fikiria habu ya 50.008. Kwa mchoro ni nzima. Geji ya 50.013 itaikataa, geji iliyolika hadi 50.003 itaikubali. Mtoboaji akiwa na iliyolika na mkaguzi na mpya, watagombana hadi jioni, na kila mmoja atakuwa mkweli. Mpe mtoboaji iliyo mpya, mkaguzi apewe iliyolika lakini bado haijafika 50.000. Kwa kichwa cha kukwama, mtoboaji apewe kilicho chembamba zaidi, mkaguzi kilicho karibu na 50.100. Hapo kila anachokikubali wa kwanza kitakubaliwa na wa pili.

Mwishoni mwa oda nilirudisha kichwa cha kupita chini ya saa. Nyuma bado kilikuwa 50.012. Mdomoni kilikuwa 50.010, maikroni tatu zimekwenda na habu 120 za mchanga. Mdomo ndio unaotangulia kulika siku zote, kwa hiyo ukipima katikati tu utaona kipimo kizuri huku ncha imeshakwisha. Mdomo ukifika 50.000 kichwa kinatoka kwenye kazi hii hata kama mwili wake bado ni mnene. Unaweza kukikata ncha na kulapia upya kama urefu unaruhusu, au ukisage kiwe geji ya kipimo kidogo. Ila futa kwanza namba iliyochongwa, kabla hakijarudi kwenye droo.